Kofia sita kwenye kikao cha mawazo: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Naendesha vikao vya vikundi hapa Unguja, na mara mojamoja navuka Pemba: vikundi vya mwani, mafundi, kamati za skuli. Maswali haya ndiyo yanayonirudia. Mengi nimeyajibu kwa kikao kimoja cha wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki, kwa sababu daftari langu la siku ile lina kila kilichosemwa, mpaka vicheko.

Kofia sita ni kitu gani?

Ni utaratibu wa kuendesha kikao uliobuniwa na Edward de Bono, daktari mzaliwa wa Malta (1933–2021), aliyeueleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1985. Kila kofia ni namna moja ya kufikiri. Nyeupe ni ya taarifa: tunajua nini, na nini hatujui. Nyekundu ni ya moyo, yaani unavyolihisi jambo, bila ya kuulizwa kwa nini. Nyeusi ni ya tahadhari: wapi patavunjika. Ya manjano inatafuta faida iliyomo ndani ya wazo. Ya kijani ni ya mawazo mapya. Ya buluu ni ya kikao chenyewe: swali letu lipi, sasa tunavaa ipi, tumefika wapi.

Hakuna anayevaa kitu kichwani. Ukisema "tuvae kijani" umewaambia watu kwamba kwa dakika kadhaa zijazo kila mdomo uliopo pale utoe wazo jipya, na lisiingie jengine.

Siku ya kwanza nilipowaambia kinamama wa mwani "tuvae kofia", walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi. Kofia kwetu ni ya viua na ni ya mwanamme. Wao wana mitandio yao. Tangu siku hiyo natembea na vipande sita vya kitambaa. Kile cha kofia inayotumika nakifunga kwenye shina la mti au kwenye nguzo ya baraza, watu wakione.

Hii si ndiyo ileile bungabongo?

Zinakaribiana, lakini bungabongo ina tundu moja. Unawaambia watu "toeni mawazo, msikosoane", halafu huwaambii kukosoa kutakuja lini. Mwenye kuona kasoro anabaki nayo kooni. Haisemi, kwa kuwa amekatazwa, lakini inamtoka kwa njia nyengine: anaguna, anamtazama jirani yake, anasema "haya bwana". Mguno mmoja wa mtu mzima unatosha kumnyamazisha kijana kwa jioni nzima.

Kwenye kofia sita mkosoaji anakiona kitambaa cheusi kimekunjwa pale juu ya mkeka. Anajua zamu yake ipo, ina dakika zake, na ikifika atatakiwa aseme yote aliyonayo. Mtu mwenye ahadi anaweza kusubiri. Kwa uzoefu wangu hiki ndicho kinachopanua kikao kuliko kitu chochote kingine. Hakuna anayegeuzwa mbunifu kwa kitambaa cha kijani. Ila lile wazo alilokuwa nalo siku zote, akaliona la kipuuzi, sasa amepata mahali pa kuliweka.

Kwa hiyo kila mtu anapewa kofia yake?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi. Mwenyekiti amesikia habari ya kofia, akagawa: "Wewe mwalimu ni mweusi, wewe kijana ni wa kijani." Hapo amerudisha ugomvi uleule wa zamani, safari hii ukiwa na rangi. Mwalimu atashika kukosoa mpaka magharibi hata kama moyoni wazo amelipenda, maana ndiyo kazi aliyopewa.

Watu wote wanavaa kofia moja kwa wakati mmoja, kisha wote wanabadili pamoja. Watazame watu wanaopandisha ngalawa nchi kavu: "harambee" ikiitwa, wote wanasukuma upande mmoja. Aliyebuni wazo naye huvaa nyeusi akatafuta kasoro za wazo lake, na asiyelipenda huvaa manjano akalitafutia faida. Mimi hufurahi zaidi pale mpinzani anapotoa faida ambayo hata mwenye wazo hakuiona.

Zifuatane vipi?

Hakuna mpangilio mmoja. Mkitafuta mawazo mapya, mimi hufuata huu: buluu, nyeupe, kijani, nyekundu, manjano, nyeusi, kijani tena, nyekundu, na kufunga kwa buluu.

Vitu viwili sivibadilishi. Cha kwanza, manjano hutangulia nyeusi. Kasoro ikishaonekana jicho halitoki hapo, na wazo lililokwisha kuzikwa hakuna wa kulifukua. Tena kuna kuokoa muda: mkivaa manjano mkakosa hata faida moja yenye sababu, wazo hilo liacheni, hamna haja ya kulichosha kwa nyeusi. Cha pili, kijani hurudi baada ya nyeusi. Bila ya kijani cha pili, watu wanaondoka na orodha ya matatizo, na orodha ya matatizo walikuwa nayo kabla hawajaja.

Tuonyeshe kikao kimoja kilivyokwenda.

Kikundi kina watu kumi na wawili, kinamama kumi na wanaume wawili. Tulikutana siku za maji mafu, maana wakati wa bamvua maji yakipwa hakuna mkulima wa mwani atakayekaa kwenye mkeka kukusikiliza. Tulikaa chini ya mkungu baada ya alasiri.

*Buluu, dakika tano.* Tulibishana juu ya swali lenyewe. Walianza na "tufanye nini na mwani", ambalo ni pana kama bahari. Tukaishia na hili, tukaliandika kwa makaa kwenye kipande cha ubao: "Spinosamu tunayovuna sasa, tufanye nini ituletee pesa zaidi?"

*Nyeupe, dakika kumi na mbili.* Kwa asiyejua: mwani unaolimwa hapa ni wa aina mbili, kotonii na spinosamu. Kilimo cha kuuza kilianza Zanzibar mwaka 1989. Kotonii una bei nzuri zaidi lakini hauvumilii joto. Kwenye maji ya kina kifupi wakati wa kaskazi, matawi yake hupauka yakawa meupe, kisha yakakatika. Spinosamu ni mgumu zaidi, ila bei yake ni ndogo. Kikundi hiki kimewahi kujaribu kotonii mara mbili na mara zote mbili kikavuna kamba tupu. Wamepima wenyewe kwenye mizani yao: kilo saba za mbichi zinatoa kilo moja ya mkavu. Wanaanika chini, juu ya makuti na nyavu chakavu. Msimu uliopita magunia mawili yalirudishwa na mnunuzi kwa mchanga na unyevu. Wawili kati yao wanajua kutengeneza sabuni ya mwani.

Halafu nikauliza tusichokijua, na nadhani hapa ndipo kofia nyeupe inapoonyesha thamani yake. Kipande kimoja cha sabuni kinawagharimu shilingi ngapi? Hakuna aliyewahi kupiga hesabu. Mwani usio na mchanga una bei yake peke yake? Hakuna aliyewahi kumuuliza mnunuzi. Nikayaandika yote mawili upande wa pili wa ubao. La pili lilikuja kutuangukia baadaye.

*Kijani, dakika kumi na mbili, tukaongeza tano.* Mawazo manane ya mwanzo yalikuwa yale yanayojulikana: sabuni, unga, kutafuta mnunuzi mwengine, kuomba mkopo. Haya hayakwepeki, yaacheni yatoke. Ndipo kijana mmoja akasema wageni wa mahotelini walipe waje kufunga mwani na sisi. Bibi tuliyekuwa tukimwita Bi Mkubwa akafungua mdomo. Nilijua anachotaka kusema, maana kwenye mkutano wa mwezi wa nyuma wazo hilohilo lilijibiwa "watakuja kutupiga picha tu", na mkutano ukafia hapo. Sikumkatiza. Nilikinyanyua tu kitambaa cheusi kilichokunjwa, nikamwambia, "Bibi, yako iko hapa, nimekuwekea." Akacheka, akasema, "Haya, usiipoteze."

Mawazo yalipopungua nilitumia uchokozi, ambao nitaueleza kwenye swali linalofuata. Jumla yaliandikwa ishirini na matatu.

*Nyekundu, dakika mbili.* Kila mtu nilimpa komwe tatu, zilezile za bao, azitie kwenye mawazo yanayomvuta. Hakuna kueleza. Komwe zilijaa pahala patatu: sabuni, wageni, na chanja za pamoja za kuanikia. Hapa nitaifuata chanja peke yake, kwa kuwa ndilo wazo lililozaliwa kutokana na upuuzi mtupu.

*Manjano, dakika sita.* Mwani ukiwa juu ya chanja, mchanga haufiki. Upepo unapita chini na juu, kwa hiyo unakauka mapema. Mvua ikija, turubali moja linafunika chanja nzima, badala ya kila mtu kukimbilia kuokota wake. Kisha akaja yule fundi sabuni: mwani wa sabuni na wa unga lazima uwe safi, na yeye sasa anapoteza nusu ya siku kuosha mchanga. Faida hii haikuwemo kichwani mwa aliyelitoa wazo.

*Nyeusi, dakika nane.* Miti itatoka wapi? Mikoko haikatwi hivihivi. Kusi likivuma, chanja nyepesi itapinduka. Mwani wa watu kumi na wawili kwenye chanja moja, utajuaje upi wako? Nani atalala pale usiku? Na la mwisho, Bi Mkubwa, kwa sauti ya chini kabisa: "Mnunuzi ana bei moja. Safi kilo hiyo, mchafu kilo hiyo. Mimi nisafishe kwa faida ya nani?"

Kimya. Lile ndilo jambo tuliloandika kwenye ubao kwamba hatulijui.

*Kijani tena, dakika nane.* Safari hii kila wazo lilikuwa linajibu kasoro moja iliyotajwa. Badala ya mikoko, miti ya mivinje na nyavu chakavu za uvuvi. Chanja igawanywe kwa kamba za rangi, kila mtu na sehemu yake. Kwa upepo, miguu izikwe na itiwe mawe. Kwa bei, badala ya kuanika mwani wote kwenye chanja, uanikwe ule tu unaokwenda kwenye sabuni, ambako usafi una faida ya wazi hata mnunuzi akikataa kuongeza shilingi.

*Nyekundu* ya kuonyesha kwa kidole gumba, kisha *buluu*: chanja moja, si sita. Ijengwe kwa bamvua moja. Gunia moja la chanja na gunia moja la chini yapimwe pamoja baada ya kukauka. Watu wawili waende kumuuliza mnunuzi.

Mnunuzi alijibu kama Bi Mkubwa alivyosema: bei ni moja. Chanja ikabaki ya sabuni. Kikao kizima, kuanzia swali mpaka kuagana, kilichukua zaidi kidogo ya saa moja.

Mawazo ya ajabu yanatolewaje? Kwetu watu wakiambiwa "semeni chochote" wananyamaza.

Wananyamaza kwa sababu "chochote" haina mahali pa kushika. De Bono alibuni kijineno kifupi, po, cha kutanguliza sentensi ambayo kila mtu anajua si kweli wala haiwezekani. Sentensi ile si pendekezo, ni jiwe la kukanyagia tu ili uvuke. Mimi naiita uchokozi, na kabla ya kuisema nagonga ubao mara mbili ili watu wajue kinachokuja ni cha uongo.

Njia rahisi ya kuupata ni kuchukua jambo ambalo kila mtu analiona la kawaida, kisha kulikanusha. Siku ile niliuliza: jambo gani la mwani halina mjadala? Wakasema, mwani hukaushwa nchi kavu. Nikagonga ubao: "Mwani unakaukia baharini."

Wakacheka. Waache wacheke, lakini usiishie hapo, kwa sababu uchokozi peke yake ni mzaha tu. Kazi iko kwenye hatua inayofuata, ambayo ni kusogea. Humuulizi mtu kama inawezekana. Unauliza: ingekuwa kweli, kingetokea nini, dakika kwa dakika? Mmoja akasema, "Usingegusa mchanga." Mwengine, "Ungekaa juu, kwenye upepo." Wa tatu, "Basi si lazima iwe bahari, ni kitu kirefu tu chenye miguu." Na chanja ikawa imezaliwa.

Uchokozi wa pili, "mwani unajifunga wenyewe", ulituchukua mpaka kwenye nyavu za mirija, ambapo mwani unajazwa ndani ya wavu wa duara badala ya kufungwa kwa tai-tai, vile vikamba vidogo, mmojammoja. Hilo si jipya. Mtafiti Flower Msuya, aliyefanya kazi miaka mingi na wakulima wa mwani wa Zanzibar, amelijaribu pamoja nao kwa ajili ya kupeleka kotonii kwenye maji yenye kina. Baadaye kofia nyeusi ililisimamisha kwa sababu moja tu: maji yenye kina yanataka dau na mtu anayejua kuogelea, na kwenye kikundi kile walioweza kuogelea walikuwa wawili.

Si kila uchokozi unazaa. Siku ile niligonga ubao mara nne, mbili zikatoka patupu. Dakika mbili zikipita hakuna aliyesogea, gonga mwengine.

Nitajuaje kwamba kofia nyeusi inavaliwa sawasawa?

Iangalie sentensi. Nyeusi inayofaa inagusa sehemu ya wazo na inataja sababu: "Kusi likivuma chanja itapinduka, kwa sababu miguu iko juu ya mchanga mlaini." Hiyo unaweza kuifanyia kazi. "Haitowezekana", "wenzetu walishajaribu", "watu wa hapa hawataki" si nyeusi. Hizo ni nyekundu zilizovaa buibui. Sizikatazi, namrudishia tu mwenyewe swali: "Walishajaribu wapi, na nini kiliharibika?" Ama anakupa taarifa nzuri, ama anagundua mwenyewe kwamba alikuwa anahisi tu.

Jambo la pili, kila kasoro naiandika mbele ya sehemu ya wazo inayoigusa, siiandiki kwenye orodha ya peke yake. Ubao wa siku ile ulikuwa na neno "miti" na mbele yake "mikoko inataka kibali". Neno "mahali" na mbele yake "wizi wa usiku". Ukiandika hivyo, kijani cha pili kinakuwa chepesi, maana kila kasoro ina shimo lake la kuzibwa. Na kama kuna kasoro inayogusa wazo zima, kama ile ya bei, itaonekana bila ya mtu kubishana.

Watu wengi wanadhani nyeusi ni kofia mbaya, wanataka wapite haraka. Mimi naipa dakika zaidi kuliko manjano. Bila ya ile sauti ya chini ya Bi Mkubwa, kikundi kingejenga chanja sita kwa pesa za upatu, kisha kikakuta bei ni ileile.

Mkubwa au sheha akiwemo, vijana watathubutu kumpinga?

Hawatothubutu, na si lazima wathubutu. Kijana wa kwetu aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mzee "wazo lako lina kasoro". Lakini kofia nyeusi inapofungwa kwenye mti, kijana hampingi mzee, anafanya kazi aliyopewa na kikao. Nimemsikia msichana wa miaka kama ishirini akianza hivi: "Bibi, nimevaa nyeusi, unisamehe. Hapo kwenye kulinda usiku sijapaona." Bibi akajibu, "Sema mwanangu, mimi mwenyewe sijapaona."

Inafaa zaidi mzee mwenyewe akianza kulikosoa wazo lake. Kabla ya kikao huwa namwendea mkubwa kwake, namsalimia, namweleza zamu zilivyo, namwomba wakati wa kijani asiwe wa kwanza kusema. Akisema wa kwanza, mawazo yote yanayofuata yatakuwa watoto wa wazo lake. Kwenye nyeusi namwomba aanze. Bado sijamuona mzee aliyekataa, ila mmoja aliniambia kwamba kunyamaza dakika kumi na mbili kulimchosha kuliko kulima.

Kofia nyekundu ina kazi gani, ikiwa hakuna anayeeleza?

Kazi yake ni kuzitoa hisia nje, zisijifiche ndani ya kofia nyengine. Mtu aliyechukia wazo bila ya kupata pa kulisema hilo atalitafutia sababu kwenye nyeusi, na sababu za kutafutwa ni ndefu. Ndiyo maana nyekundu ni fupi: sekunde chache kwa mtu, au komwe. Ukianza kuuliza kwa nini, umeshaitoa nyekundu ukaleta mjadala.

Dakika ngapi kwa kila kofia?

De Bono alipendekeza kama dakika moja kwa kila mtu aliyepo, na kuongeza kama mawazo bado yanatoka. Kwa watu kumi na wawili ni dakika kumi na mbili. Kwa kijani na nyeupe naifuata. Nyekundu naikata kabisa. Muda mfupi una faida yake: mtu akijua dakika zinahesabiwa, hotuba hana. Simu ya mtu mmoja iwe na kipima muda, na asiwe mwenyekiti.

Kwenye kijani kuna wakati wa ukimya, mara nyingi karibu na dakika ya tano, pale mawazo yanayojulikana yanapokwisha. Msimamizi mgeni hudhani watu wamemaliza, akafunga. Usifunge. Mawazo ya wageni na ya chanja yote yalitoka baada ya ukimya ule.

Nini huharibika zaidi?

Kubadilisha kofia kila mtu anapotaka. Mtu anasema, "Mimi nivae nyeusi kidogo hapa," na kabla hujakaa vizuri kila sentensi ina kofia yake. Anayebadilisha ni mwenye buluu peke yake, yaani anayeendesha kikao. Mwengine akitaka, aombe, na mwenye buluu akubali au akatae.

La pili ni kijani chenye maneno ya nyeusi ndani yake: "Tunaweza kufanya sabuni, lakini mafuta ya nazi ghali." Mimi naandika "sabuni" peke yake, namwambia ile "lakini" nimeiweka kiporo. Wakati wa nyeusi namkumbusha. Ni lazima umkumbushe kweli, la sivyo safari ya pili hatokuamini.

La tatu ni mwenye kikao kuwa amekuja na jibu lake. Watu wanalinusa mapema. Wanavaa kofia zote sita kwa adabu, kisha wanakubali alichokuja nacho, na juisi inanywewa. Hapo hakuna rangi itakayosaidia.

Kuna mahali haifai?

Kuna. Ikiwa tatizo ni kukosa taarifa, nendeni mkazitafute kwanza. Hakuna kijani kitakachokwambia mnunuzi atalipa bei gani. Ikiwa watu wawili kati yenu wana ugomvi wa pesa, utaratibu huu hautausuluhisha, na nyeusi itakuwa fimbo mkononi mwao. Na uamuzi wa dakika tano, kama kuhamisha vigingi kabla maji hayajajaa, usiuitie kikao.

Naweza kuitumia peke yangu?

Unaweza. Karatasi sita na saa. Shida ni kwamba hakuna wa kukurudisha ukiteleza, kwa hiyo kijani ifanye leo na nyeusi kesho, usingizi ukae katikati.

Na kwenye kundi la WhatsApp?

Nyeupe inakwenda vizuri, maana watu wanapata muda wa kutafuta risiti na kupima magunia. Kijani inakwenda nusu: waambie kila mtu amtumie mawazo yake mtu mmoja, yeye ayaweke yote kwa mpigo bila ya majina, la sivyo wazo la kwanza litapata vidole gumba kumi na mengine yatafichwa. Nyeusi msiifanye humo. Kasoro iliyoandikwa inasomwa kwa ukali ambao mwandishi hakuutia, na Bi Mkubwa na sauti yake ya chini hana simu ya namna hiyo.